Jina Lililoingia kwa Till

Fundi wa nguo wa Gatongora hushona akiwa na pini tatu midomoni, na ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Wiki hii ameweka kando kopo la noti na kubandika namba ya till, ya kulipwa kwa simu, kwenye cherehani, aone tu siku zitakuwaje bila pesa mkononi. Zamani noti ilipodondoka koponi, mguu wake haukuacha pedali. Sasa simu ikilia, mguu unatulia. Ukimwonyesha ujumbe kwenye simu yako, hatazami; husubiri wake uingie, kisha husoma polepole kiasi, saa na jina. Majina ndiyo yanayomshangaza. Daftari lake la vipimo limejaa Mama Fulani na viuno vyao tu.

Alhamisi, jirani yake muuza mboga, Mama Gathogo, alikuja kuchukua sketi iliyotiwa zipu mpya. Akaingiza namba ya till, mia mbili, kisha PIN. Simu ya fundi ikalia: pesa imetoka kwa Rachael Wangeci. Fundi akatoa pini midomoni, moja moja.

“Wangeci,” akaita.

Jirani akageuka kutazama barabarani. “Ai, nani huyo?”

“Ni mimi. Miaka sita, na sijawahi kukuuliza jina.”

“Hapa hakuna mtu huniita hivyo tangu Gathogo azaliwe.” Wangeci akasoma ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, akacheka. “Na mimi nimeambiwa nimelipa Maridadi Tailoring. Kwani wewe kwenyu unaitwa nani?”

Fundi akamvutia kiti.