Koefishenti Kubwa Ndiyo Bosi

Wenzake walimwita Mama Kadi, na yeye hakukataa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na jioni alisoma chuo cha afya pamoja na watu wazima wengine waliotoka kazini wakiburuta miguu. Sanduku la glavu likiisha tu wodini, analichukua, analikata vipande, anaandika. Mbele swali, nyuma jibu kwa maneno ambayo hata mgonjwa angeelewa. Takwimu ndilo somo lililokuwa limewatia watu wote kiwewe, na yeye aliapa kwamba halitamshinda mtu aliye karibu naye.

Mtu wa karibu kuliko wote alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi wa chumba cha chanjo. Huyu kuingia chuo hakutaka. Mama Kadi ndiye aliyemchombeza mpaka akajaza fomu, kisha takwimu ikamwangusha, akarudia, ikamwangusha tena. Sasa chuo kilikuwa kimemwambia bila kumung'unya maneno: mtihani huu ndio wa mwisho, ukikosa hapa masomo yote yameishia hapo, na yale uliyofaulu hayakusaidii kitu. Kaka yake alishaanza kumtania mezani kwamba kichwa chake ni cha kusukia tu. Wifi alicheka pamoja nao, lakini chooni alilia, na Mama Kadi alimsikia.

Basi wakawa wanakaa chumba cha kubadilishia nguo saa ya mapumziko, miguu juu ya benchi, kadi mapajani.

"Koefishenti," Mama Kadi anauliza.

"Kitu hiki kikipanda kwa kipimo kimoja, matokeo yanabadilika kwa kiasi hiki, mengine yote yakikaa palepale."

"Thamani ya p."

"Tuseme uhusiano haupo kabisa. Je, bahati tupu ingeleta namba kubwa hivi, au zaidi ya hivi, mara ngapi? Ikiwa mara chache, chini ya tano kwa mia, tunasema ushahidi upo."

"R mraba."

"Katika tofauti zote tunazoziona, modeli imeeleza sehemu gani. Wifi, mimi nimekuwa kasuku."

"Kasuku akifaulu anaitwa msomi. Endelea."

Na kwa kweli wifi alikuwa kasuku. Hakuwa anaelewa, alikuwa anameza, na kila neno alilomeza lilibaki tumboni vilevile lilivyoingia. Ndiyo maana Mama Kadi alimwandikia kadi moja zaidi, kwa wino mwekundu, kwa ajili ya yale maswali ya mwisho wa mtihani yanayouliza kipi kipewe uzito zaidi. Akaandika: *Tazama zenye p ndogo. Kati ya hizo, koefishenti kubwa ndiyo bosi.* Wifi aliipenda kadi hiyo kupita zote. Darasa zima liliipiga picha, na vijana wa maabara waliosoma nao wakawa wanasalimiana kwayo koridoni.

Kwenye mazoezi kadi haikuwahi kukosea hata mara moja. Tatizo ni kwamba mwalimu wao alikuwa mtu wa dodoso moja, lilelile miaka nenda rudi, ambalo kila swali lake hujibiwa kwa namba, kuanzia moja hadi tano. Vitu vyote vikipimwa kwa rula moja, mkubwa ni mkubwa kweli. Nani angekumbuka kuuliza habari za rula?

Siku ya mtihani walikabidhi simu mlangoni, wakaketi. Wifi alipangiwa safu za mbele, Mama Kadi nyuma yake kidogo, akiuona mgongo wake na kisogo chake kilichosukwa jana yake. Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. Mama Kadi alimwona wifi akisitasita, akikuna kichwa, akiacha nafasi wazi, naye moyoni akawa anamwombea: vumilia, la mwisho lina nusu ya alama zote, na hilo ni letu.

Akafungua la mwisho. Matokeo ya kompyuta, uzito wa watoto wanaozaliwa, kwa gramu. Urefu wa mama, kwa mita: koefishenti mia tatu na kumi, p nukta sifuri tatu. Idadi ya ziara za kliniki: koefishenti arobaini na tano, p nukta sifuri sifuri moja. R mraba, nukta kumi na nane. *Mpe ushauri mganga mkuu: kati ya hivi viwili, kliniki itazame kipi zaidi, na kwa nini? Eleza kwa maneno ya kawaida.*

Mama Kadi alikwishaandika "Urefu" kabla mkono haujamsimama. Mita? Alijaribu kumfikiria mama mmoja aliyemzidi mwenzake mita nzima. Mama huyo hayupo, labda katika hadithi za watoto. Kina mama wa wodini wanapishana kiganja kimoja, na kiganja kwa hesabu hiyo hakifikishi hata gramu arobaini. Ila ziara za kliniki zinapishana kweli: huyu kaja mara mbili, yule mara sita, tayari ni gramu mia na themanini kati yao. Mia tatu na kumi ilikuwa kubwa kwa sababu mita ni kubwa. Basi.

Akainua macho, akauona mkono wa wifi ukienda mbio. Wifi hakukuna kichwa tena. Aliandika kama mtu anayejaza jina lake mwenyewe, na pembeni yake wale vijana wa maabara nao wameinama, wanaandika.

Akanyoosha mkono. Msimamizi akaja, mwanamume mpole mwenye miwani.

"Karatasi ya ziada, mama?"

"Hapana. Naomba... kuna kitu wenzangu hawajui."

"Wenzako wana mtihani wao, nawe una wako. Ukiwaambia neno, nawatoa wao pia."

"Kosa ni langu, si lao."

"Andika, mama."

Alikohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu, kikohozi cha kipumbavu, na wifi wala hakugeuka. Mwanafunzi mwema hageuki mtihanini, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Akabaki na karatasi yake. Aliliangalia lile neno "Urefu" kwa muda mrefu, akafikiria kuliacha, angalau wazame wote. Kisha akalikata, akaandika "Ziara", akaeleza vizuri, na kila sentensi ilivyokuwa nzuri ndivyo alivyozidi kujichukia.

Nje, wifi alimrukia shingoni.

"Wifi yangu, nimeandika mpaka karatasi imeniomba msamaha. Urefu! Mia tatu na kumi, bosi huyo, hana mpinzani. Safari hii nimetoka, hata mume wako atanyamaza."

"Kaka yako wewe," Mama Kadi akasema.

"Wetu sote. Na wewe uliandika nini?"

Angeweza kusema uongo. Alifungua mdomo ili auseme.

"Ziara za kliniki."

Wifi alimwachia, akamtazama usoni, na uso wake wote ukajaa huruma. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umechoka tu, wifi," akasema taratibu. "Zamu zimekuzidi. Usilie, ukikosa si mwisho wa dunia, wewe nafasi ya kurudia bado unayo. Nitakaa nawe kila siku mapumziko, nitakuuliza mimi, mpaka ikuingie."