Sentensi Aliyoifuta Mwalimu Odile

Mwalimu Odile alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi huko Mangobo, mjini Kisangani, na kwa miezi mitano serikali ilimsahau. Kosa lake lilikuwa kuhamishwa. Alitoka shule ya Bengamisa, jina lake likafutwa kwenye orodha ya mishahara ya kule, lakini kuandikwa kwenye orodha ya huku kukahitaji karatasi, na karatasi za serikali zinakwenda kwa miguu. Miezi mitano alisimama mbele ya watoto sitini na wawili bila kulipwa hata faranga.

Serikali ilimsahau, benki haikumsahau. Kila mwisho wa mwezi ilitoza faranga elfu nane za kutunza akaunti. Akaunti ilikuwa tupu, kwa hiyo ikaingia deni, na kwa kuwa iliingia deni bila ruhusa, ikaongezwa adhabu ya elfu kumi na tano. Mwezi wa pili vilevile, na wa tatu, hadi wa tano. Mimi sijui ni nani aliyebuni adhabu ya kumtoza mtu pesa kwa kosa la kukosa pesa, lakini nadhani hajawahi kukosa chakula cha jioni.

Mshahara uliporudi, ulirudi wa mwezi mmoja tu. Malimbikizo, aliambiwa, yatafuata. Benki ikakata laki moja na elfu kumi na tano kwa mkupuo. Kilichobaki kilimalizwa na kodi ya nyumba, dawa na deni la duka.

Pengine angemeza na kunyamaza, kama walimu wanavyonyamaza. Lakini nyumbani alikuwa na Faustin.

Faustin, mumewe, alikuwa mtu wa mto. Miaka ishirini alipandisha samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge, hadi ini lilipomshika na tumbo likajaa maji. Daktari alimtoa hospitali kwa maneno ya upole, yale ambayo kila mtu anayaelewa: mpeleke nyumbani akapumzike. Na nyumbani, kwa Faustin, hapakuwa Mangobo. Palikuwa Yanonge, kwa mama yake, bibi kizee asiyeweza tena kutembea, sembuse kupanda chombo. Aliomba jambo moja tu: amwone mama yake.

Asingeweza kukaa kwenye benchi na abiria wengine. Mtu mmoja aliyeitwa Waziri, mwenye baleinière, ile mashua ndefu ya mbao ya abiria na mizigo, mtu wa Maniema na mwema kwa kadiri biashara inavyomruhusu, alisema nafasi ya kulala chini ya turubai, pamoja na godoro, ni elfu themanini. Odile alikuwa na elfu ishirini. Zamu yake ya likelemba, ule mchango wa walimu wa kupokezana, alikuwa ameshaila yote hospitalini. Pesa pekee iliyokuwa yake kwa haki ilikuwa ile iliyokatwa benki.

Basi akaandika barua. Aliiandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akimwomba meneja amrudishie makato ya miezi mitano. Alieleza uhamisho, akaambatanisha taarifa ya akaunti, nakala ya kadi yake ya mpiga kura na cheti cha mkuu wa shule kuthibitisha kwamba mshahara ulichelewa bila kosa lake. Mwishoni akaongeza sentensi moja: mume wangu ni mgonjwa sana, na pesa hii ni ya kumfikisha kwa mama yake kabla hajafa.

Mkuu wa shule, Papa Dominique, ndiye aliyeombwa kuipitia. Ni mtu mwema, ila ana ugonjwa wa barua rasmi. Kwake barua ni kama suti: ikiwa na kiraka, usitoke nayo. Alisoma hadi mwisho, akagonga ile sentensi kwa kalamu.

"Odile, iyi haiko barua ya kanisa," alisema. "Mambo ya nyumba inabakia ku nyumba. Gérant wa banque atazani unamulilia. Mwalimu halombake, mwalimu anarevendiquer, anadaika haki yake."

"Lakini ni kweli, Directeur."

"Kweli iko. Lakini haiko na nafasi mu barua ya administration. Toa."

Odile akaitoa. Tena, niseme ukweli, aliitoa kwa nafuu fulani moyoni. Aliona haya kuweka kifo cha mumewe kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa watu asiowajua. Akaiandika upya, safi, nakala mbili.

Kule benki, msichana wa mapokezi aliyeitwa Jemima aliisajili, akagonga muhuri kwenye nakala ya pili na kumrudishia. "Jibu ni siku kumi na tano za kazi, mama," alisema. Nyuma ya Odile palikuwa na foleni ndefu ya walimu, wengine akiwajua. Akashukuru, akaondoka.

Siku ya nne alirudi, na ya tisa. Kila mara Jemima alisema barua iko mezani kwa meneja pamoja na nyingine, zinasomwa kwa tarehe. Kila mara Odile alitaka kusema habari ya mumewe, na kila mara foleni ilikuwa pale pale.

Nyumbani Faustin alimngoja akiwa ameegemea ukuta.

"Banque ilisema nini?"

"Kesho, papa. Banasema kesho."

"Bon. Tutaenda kesho kutwa."

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. La Faustin lilivimba hadi akashindwa kulala chali. Siku ya kumi na mbili, Odile akiwa anafundisha kutoa kwa kukopa, jirani yake Nicole alisimama mlangoni mwa darasa na kukunja mikono kifuani. Odile akaweka chaki mezani. Faustin alizikwa Kisangani, kwa maana maiti husafirishwa kwa bei kubwa kuliko mgonjwa.

Wiki iliyofuata alipigiwa simu aende benki. Meneja alikuwa amesaini. Ada ya kutunza akaunti, elfu arobaini, haikurudishwa, kwa sababu imo katika mkataba na uamuzi wake uko Kinshasa. Lakini adhabu zote tano, elfu sabini na tano, zilifutwa na kuingizwa tena kwenye akaunti. Lilikuwa jibu la haki, tena la adabu.

Jemima aliiona kanga nyeusi aliyovaa Odile. "Pole, mama. Ni nani?"

"Bwana yangu. Ndiye nilikuwa natafutia iyi makuta ya banque, nimupeleke Yanonge kwa mama yake."

Msichana akaishika barua, akaisoma tena juu hadi chini, kama anayetafuta kitu.

"Mbona haukuandika?" aliuliza taratibu. "Kama ungetia attestation ya docteur, karatasi ya kusema ni mugonjwa, inakuwaka urgent. Gérant anasaini siku ile ile. Njo vile tunafanyaka."

Odile hakumkasirikia Jemima, wala meneja, wala hata Papa Dominique, ambaye kwenye msiba alilia kuliko ndugu. Aliyemkasirikia ni mwenye ile kalamu iliyonakili barua upya bila ile sentensi, na huyo angeishi naye.

Jumamosi alishuka bandarini. Bibi kizee wa Yanonge alikuwa amepelekewa habari kwa simu ya mtu, lakini habari ya mtoto haiachwi iishie kwenye simu. Waziri alikuwa akipanga magunia, hakuwa amesikia.

"Mama Odile. Ulipata ile makuta?"

"Nilipata."

"Alors nitandike godoro?"

"Hapana, papa," alisema Odile. "Unipatie nafasi ya kukaa. Moja."