Wifi Yangu Dobi na Nafasi ya Msimamizi

Wifi yangu amefua mashuka ya hospitali tangu usichana wake. Nafasi ya msimamizi wa idara ya udobi ilipotangazwa, aliitaka kwa moyo wote. Tangazo lilidai stashahada, au uzoefu unaolingana nayo. Stashahada angeitoa wapi, naye kama mimi aliishia la saba?

Kwenye usaili hakuona haya. “Cheti sina, wakubwa, ila kazi yenyewe naifanya. Napanga zamu, naagiza sabuni, nafundisha wageni. Msimamizi akiwa baa, idara yote iko mikononi mwangu.”

Msimamizi huyo, anayekaribia kustaafu, alikuwa amekaa pale pale mezani. Ndiye aliyeitwa kuthibitisha uzoefu wa wifi yangu.

“Ni kweli, mzee?” mwenyekiti akamuuliza.

“Huyu mama anafua vizuri,” akajibu. “Hayo mengine ni mvuke umempanda kichwani.”

Wote wakacheka, na nafasi ikaenda zake. Wifi angesema tu kwamba alikuwa msaidizi wake, mzee angemsifu mpaka mate yamkauke. Humvui mtu nguo hadharani, kisha ukamwomba akushikie mwavuli.

Jumatatu mzee alimhamishia mashuka ya wodi ya kuhara.

“Ongeza uzoefu, mama,” akamwambia.