Sweta ya Mistari Miwili

Mteja wangu, mama mmoja, alifuma sweta za shule mtaani Baba Dogo, kwa mashine tatu, na kwenye mkataba wetu wa ukurasa mmoja wa kumtengenezea katalogi aliandika sharti kwa mkono. Kwenye maneno ningeweza kusaidiwa na akili bandia, mradi nimwambie na nihakiki. Picha ziwe za sweta zake. Katalogi hiyo ilikuwa inaenda kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya mtaa wa Mowlem, aliyetafuta mfumaji wa kudumu.

Sharti lilinifurahisha. Mimi ndiye niliyewasuta wenzangu waliobandika chochote kilichotemwa na programu. Programu yangu ya akili bandia iliandika rasimu kwa dakika chache, nami nikaipekua neno kwa neno. Ilisema sweta ni za sufu safi. Nikampigia mama simu.

“Sufu? Nani atanunua sufu ya shule? Ni akriliki, msomi!”

Nikafuta. Ilisema pia hazipauki kamwe. Nikafuta.

Zikabaki picha. Nilikuwa nimezipiga kwenye kona yenye giza, na kurudi Baba Dogo kutoka kwangu Tassia kulinichosha hata kabla sijatoka. Programu ya kawaida ya simu ingeongeza mwanga tu. Lakini ile ya akili bandia ilikuwa tayari imefunguka mbele yangu, nikaiambia: ongeza mwanga, usibadilishe kitu. Ilinirudishia sweta inayong’aa. Mimi, bingwa wa kushuku, sikukumbuka kwamba programu ya aina hiyo huichora picha upya. Maneno yake niliyasoma mara tano. Picha niliitazama mara moja, nikatuma katalogi.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama kwenye karakana yake akimfokea mfumaji aliyemwajiri.

“Miaka sita unafuma sweta hii, leo mistari ya shingo imekushinda? Mwalimu ameona miwili kwenye katalogi!”

“Mama, sampuli hii hapa. Hesabu mwenyewe. Mitatu.”

“Ni mimi,” nilisema. “Niliipitisha picha kwenye akili bandia iongeze mwanga.”

Mama alinigeukia polepole. “Na karatasi ilisema nini?”

“Picha ziwe za sweta zako.”

“Haki ya Mungu. Na vile ulinisumbua na sufu!”

Nilimwomba ampigie mwalimu mkuu, nikaeleza kila kitu. Sauti yake ikajaa chumba kutoka kwenye simu: “Bodi ya shule imeshachagua mwingine. Na kama hata picha haikuwa ya kweli, basi hiyo ni mbaya zaidi.”

Nilifungua picha ya awali kwenye ile programu ya kawaida, nikavuta kitufe cha mwanga. Mistari yote mitatu ilijitokeza, safi kabisa. Kazi ya nusu dakika. Mama aliitazama, akanirudishia simu.

“Mwombe huyu msamaha.”

Nilimwomba. Mfumaji hakuinua macho. Alikuwa amekata uzi wa shingo ya sampuli na sasa anaifumua, akiviringisha nyuzi zikafanye kazi nyingine.