Nyani Waliokatwa Pichani

"Niondolee mnyama mmoja tu, nami nitakutajia kila kichaka kitakachokufa."

Alisema hivyo mbele ya darasa zima la stashahada ya wanyamapori, kidole juu, na tangu siku hiyo wakamwita Mishale, maana ubaoni hakuandika maneno, alichora mishale tu: chui, mshale, digidigi, mshale, vichaka.

Insha yake ya mwisho, ile ambayo asingeifaulu angerudia mwaka, ilihusu kilima ambako chui walikuwa wamemalizwa kwa mitego. Hoja ilinyooka kama rula: chui hayupo, digidigi watazidi, machipukizi yataliwa, kilima kitabaki na upara. Aliipenda hoja yake kiasi kwamba alichapisha bango la kuitetea, kwenye duka la uchapaji la mjomba wake, kabla hata hajakanyaga kilimani.

Alipokanyaga, kilima kilikuwa na nywele kumzidi yeye. Akarudi na picha kwa mwalimu wake msimamizi, akailaumu mvua.

"Mvua imenyesha ndani ya uzio na nje," mwalimu alisema, macho kwenye kompyuta. Uzio ule ulizungushiwa kipande cha kilima zamani kuwazuia digidigi wasiingie. "Enzi za chui, ndani palistawi, nje palitafunwa. Digidigi wakizidi, tofauti hiyo itafanyaje?"

"Itaongezeka."

"Imefanyaje?"

Mishale akatazama. Ndani msitu, nje msitu. "Imepotea, mwalimu."

"Kwa hiyo nje hakuna mlaji wa maana. Digidigi wako kaenda wapi, binti? Na hizi picha mbona zimekatwa pembeni?"

"Kulikuwa na nyani. Waliharibu mandhari."

"Wangapi?"

"Wengi mno, walikuwa kila mahali..." Hapo akang'amua. Chui alikuwa akiwala nyani na kuwatisha. Sasa wametamba, na mtoto wa digidigi aliyefichwa majanini ni kitafunwa kwao. Chui ametoka, nyani wamepanda, digidigi wameshuka, vichaka vimepanda. Kumbe mnyororo ulikuwa na kiungo kimoja zaidi, na kiungo hicho kilikuwa kimegeuza jibu lote.

"Ni dhana bado," mwalimu alimpoza. "Iandike kama dhana, useme utaipimaje. Hesabu nyani, tafuta mabaki kwenye kinyesi chao. Kesho unaitetea mbele ya jopo na darasa zima. Ukienda na bango hili, watakuuliza swali moja la uzio, basi, umekaa chini."

Kwenda na bango jipya kulikuwa na maana ya kujikanusha mbele ya walewale waliomsikia akijitapa. Alizunguka uwanja wa chuo, kisha akaingia dukani kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Naomba bango lingine."

"Marahaba. Lile lina nini?"

"Halina nyani."

"Eti nini? Na shangazi yako nimeshamwambia kilima kinakufa!"

"Mwambie kimefufuka. Mjomba, mimi si mwanao? Nipunguzie."

Mjomba aliwasha mashine. Bango la rangi, ukubwa wa meza: elfu kumi na mbili, bei ileile ya lile la kwanza.