Breka ya Nyumba ya Uru

Krismasi ile breka kubwa ya umeme ya nyumba ya mama mkwe wangu ilianguka mara ya kwanza wakati tunaepua machalari, zile ndizi zilizopikwa na nyama. Giza halikuwepo, ilikuwa mchana, ila redio ilinyamaza na watoto wakaguna. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikwenda ukumbini kwenye boksi la breka, akaipandisha. Ikaanguka tena. Akaigusa, akarudisha mkono haraka.

"Inaunguza," alisema. Kisha akageuka akanitazama mimi.

Nilijua anatazama nini. Nilikuwa naishi kwenye nyumba ndogo ya uani, ndani ya kihamba, shamba la urithi la ukoo, kati ya migomba na mibuni ambayo mume wangu aliilima mpaka alipolazwa. Humo ndani nilikuwa na friza. Niliuzia wanafunzi barafu za maembe, nikauzia majirani maziwa na kuku. Umeme niliuvuta kutoka nyumba kubwa, na kila nilipotumia niliingiza tokeni kwenye mita bila kukumbushwa na mtu.

"Friza lile ni kubwa mno kwa nyumba hii," shemeji alisema. "Linazidisha umeme. Lichomoe."

Nikalichomoa. Tukala. Baada ya chakula akarudi kwenye boksi, akaipandisha breka, ikakaa. Akapiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi. Ukumbi mzima uliona kwa macho: friza limechomolewa, breka imekaa. Hakuna aliyesema kwamba tulipokuwa tunakula breka ilikuwa inapoa. Hata mimi sikusema, kwa sababu sikujua. Sikujua kwamba breka iliyopata moto inakataa kukaa mpaka ipoe, hata ukichomoa nyumba nzima.

Ikaanguka tena jioni, friza likiwa limechomolewa. Wakasema nimelichomeka kwa siri. Nilikana, mke wa shemeji akacheka puani. Huo ucheko bado nausikia, na sina mpango wa kuusamehe.

Siku ya pili ya sikukuu, kabla watu hawajaanza kurudi Dar, walikaa kikao. Kwetu Krismasi ndiyo wakati wa kuyamaliza mambo ya ukoo, maana wote wamepanda nyumbani huku mlimani. Walizungumza mipaka, wakazungumza kaburi la baba mkwe, halafu wakazungumza friza langu. Shemeji alisema nyumba itaungua na mama yao ndani. Nani angempinga mtu anayesema hivyo? Wakaamua friza litoke. Mtu mzima anayeambiwa jiko lake la kulishia watoto litoke huwa ameshaambiwa atoke nalo. Nilikodi chumba Pasua, kule mjini, nikashuka na watoto, friza likafungwa kamba juu ya pikapu.

Mama mkwe alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa ameshika mkungu wa ndizi aliotaka niende nao, akasahau kunipa, akarudi nao.

Pasaka ikafika, wakapanda tena. Jumamosi asubuhi mama mkwe akanipigia simu. Breka inaanguka, na sasa pale ukumbini kunanuka plastiki iliyoungua. Shemeji anasema ni breka imechakaa, lakini yeye mama anaogopa. Je, kule mjini hakuna fundi ninayemfahamu? Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Friza langu lilikuwa linanguruma pembeni yangu hapo hapo Pasua.

Nyumba ya pili kutoka kwangu alikaa fundi umeme. Alibeba breka mpya mfukoni, akasema huenda kweli imechoka, zipo zinazochoka zikaanguka kwa mzigo mdogo tu. Tukapanda Uru pamoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto?"

"Hawajambo, mama."

Shemeji alitusalimia akiwa na taulo begani. Fundi alifungua kifuniko cha boksi, akaomba viwashwe vitu vyote vinavyotumika sikukuu. Tukawasha taa, friji la jikoni, na ile hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo. Hita aliifunga shemeji, na haitumiki mpaka yeye na familia yake wapande. Siku nyingine zote mama huchemsha maji yake kwa kuni.

Fundi akaukumbatisha waya mkuu koleo la kipimo chake cha umeme, akanionyesha. Kilisoma ampea ishirini na saba.

"Breka ni ya arobaini," alisema. "Na waya una unene wa kutosha. Mzigo huu ingeubeba mchana kutwa. Hapa umeme haujazidi."

"Na friza?" niliuliza. Niliuliza kwa sauti, shemeji asikie.

"Friza kama lako, mota yake ikishaanza kuzunguka, halifiki hata ampea mbili, dada. Hita peke yake imekula karibu zote hizi."

Tukangoja. Harufu ikaanza kabla ya breka kuanguka, na mpaka inaanguka kipimo kilikuwa bado kwenye ishirini na saba. Fundi akatoka nje, akazima breka iliyo chini ya mita ya tokeni ukutani, akarudi akapima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme. Kisha akasogeza mgongo wa kidole. Upande wa juu wa breka ulikuwa wa vuguvugu. Upande wa chini, nyaya zinapotokea, haukushikika. Alisema breka iliyochoka hufia tumboni mwake, lakini moto huu unaanzia kwenye skrubu na kupanda ndani, ndiyo maana inadhani mzigo umezidi.

Alipoweka bisibisi, skrubu ilizunguka bila kubisha. Akauchomoa waya. Plastiki yake ilikuwa ya kahawia, ngumu, inavunjika. Chini ya alama ya skrubu palikuwa na plastiki, siyo shaba. Aliyefunga hakuumenya waya vya kutosha. Skrubu iliuma ganda, na shaba ikawa inagusa kidogo tu pembeni. Kwa taa na redio haikuonekana. Hita ikiwashwa, pale palikuwa panapata moto.

"Nani alibadilisha breka hii?" fundi aliuliza.

Alibadilisha shemeji, siku ile ile alipofunga hita. Sote tulikuwepo, tulimshikia tochi. Sasa akatazama taulo lake.

"Kumbe ni skrubu tu," alisema.

Skrubu tu! Nilitamani kumrushia boksi zima usoni. Fundi akakata ncha iliyoungua, akaumenya waya upya, akafunga breka mpya kwa kuwa ile ya zamani ilishapikwa na joto, akakaza mpaka mkono ukatetemeka. Tukawasha kila kitu tena, tukangoja muda mrefu kuliko mwanzo. Breka ikapata joto la kawaida tu, ikakaa. Shemeji akaenda kuoga.

Nikamfuata mama mkwe jikoni. 

"Mama, umemsikia fundi. Halikuwa friza. Naweza kurudi na watoto nyumbani?"

Aliendelea kumenya ndizi. Aliimenya moja yote, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine.

"Ile nyumba ya uani shemeji yako ameshamtia mfanyakazi wa shamba," alisema. "Na tangu mmeshuka hakuna kelele. Pametulia, mwanangu. Tuache hivi hivi."

Kutoka bafuni maji ya moto yalikuwa yanamwagika. Nikamwambia sawa, mama. Nikamwita fundi, nikambebea begi lake la vifaa hadi barabarani ili mikono yangu iwe na kitu cha kushika.