Aliyesema Tekla Ameanguka

Enzi za Mwingereza, Modest alikuwa mganga hospitalini Tabora, na hakumwamini yeyote, hata mwenye mkono uliovunjika. Polisi walipomtaka aandike ripoti ya majeraha ya Tekla, mgonjwa aliyemtibu, ili ipelekwe mahakamani, Bernardo, mume wa Tekla, alikuja na asali.

“Bwana mganga, usisahau kuandika kwamba alianguka akiteka maji.”

Modest alimshuku, lakini shaka haiandikwi. Alifungua kadi aliyoijaza siku ya matibabu, akanakili: mkono wa kushoto umevunjika, michubuko mgongoni, mingine mibichi, mingine ya zamani, ya manjano.

“Habari ya kuanguka imo,” akasema. “Rudi nyumbani na asali yako.”

Bernardo akaondoka ametulia. Mahakamani hakimu akasoma ripoti ya Modest: “Kuanguka kumeelezwa na mume. Mgonjwa, alipoulizwa mbele yake, hakujibu.”